Saa Inasoma Sawa, Lakini Simu Imetangulia Saa Tatu

*"Mwezi wa Desemba nilinunua simu iliyotumika pale Luthuli Avenue, imetoka Uingereza. Saa yake ilikuwa nyuma, nikairekebisha mwenyewe. Tangu hapo programu ya muziki ninayoilipia kila mwezi inakubali nenosiri halafu inanirudisha palepale pa kuingilia, ama inaniambia niko nje ya mtandao, ilhali WhatsApp inafanya kazi vizuri tu. Fundi ameniambia niifute niiweke upya. Saa iko sawa kabisa, nimeilinganisha na ya redio. Shida ni nini?" — Msomaji, Kayole*

Usiifute programu bado. Ukiifuta sasa utapoteza nyimbo zote ulizopakua, na ukishaiweka tena itakurudisha palepale pa kuingilia, kwa sababu kasoro haimo ndani ya programu. Imo kwenye saa ya simu, hiyohiyo uliyoilinganisha na redio ukaiona iko sawa.

Najua maneno hayo yanaonekana kupingana, kwa hiyo nianze na jinsi simu inavyotunza wakati. Ndani ya simu kuna hesabu moja tu ya wakati, nayo haijui Nairobi wala London. Ni idadi ya sekunde zilizopita tangu usiku wa manane wa tarehe 1 Januari 1970 kwa saa ya UTC, ambayo ndiyo kipimo cha pamoja cha dunia nzima. Simu iliyo Kayole na simu iliyo Manchester, zote zikiwa sahihi, zina idadi ileile ya sekunde kwa wakati mmoja. Saa unayoiona kwenye skrini hutengenezwa baadaye: simu huchukua hesabu ile, kisha huongeza au kupunguza kulingana na saa za eneo ulizochagua. Kwa Nairobi inaongeza saa tatu, mwaka mzima, kwa kuwa Kenya haisogezi saa kwa msimu. Kwa London wakati wa baridi haiongezi kitu.

Simu yako ilipofika mikononi mwako, hesabu ya ndani ilikuwa sahihi. Kilichokuwa na makosa ni saa za eneo, zilizobaki London. Ndiyo maana ulipoitazama uliiona iko nyuma kwa saa tatu. Pale palihitaji kubadilishwa jina la mji tu. Wewe ulisogeza saa yenyewe mbele kwa saa tatu, na mji ukabaki London. Skrini ikapata sura nzuri, ikalingana na redio na saa ya ukutani nyumbani, lakini kwa ndani simu sasa inaamini kwamba dunia nzima iko saa tatu mbele ya ilipo. Redio haiwezi kukuonyesha kosa hilo, kwa kuwa redio inalinganishwa na skrini tu.

Sasa tufuate kinachotokea unapojaribu kuingia. Nitatumia saa 24 kama zinavyoandikwa kwenye skrini, maana tukianza kuchanganya saa mbili usiku na 20:00 tutapotezana. Tuseme ni tarehe 15 Januari 2026, saa ya Nairobi ni 20:10. Wakati huo UTC ni 17:10. Simu yako inaonyesha 20:10, lakini kwa kuwa imewekwa London inadhani UTC nayo ni 20:10.

Unaandika nenosiri, unabonyeza kuingia. Seva ya kampuni ya muziki inalikagua, inaona ni sahihi, na inakupa tokeni, yaani kibali kifupi ambacho programu itakionyesha kila inapoomba wimbo, orodha au picha ya albamu. Tokeni haidumu. Muda wa saa moja ni wa kawaida sana; zile ambazo Spotify hutoa kwa watengenezaji wanaotumia Web API yake hudumu sekunde 3600. Nyingi huandikwa ndani yake wakati kamili wa kuisha, tena kwa sekunde zile za tangu 1970. Kwa mfano wetu, tokeni imetolewa 17:10 UTC, kwa hiyo inaisha 18:10 UTC, ambayo kwa sekunde ni 1768500600.

Programu inapokea tokeni, inasoma namba hiyo, kisha inaitazama saa ya simu ili ijue kama kibali bado kina uhai. Simu inajibu 1768507800, yaani 20:10 UTC. Kwa hesabu hiyo, kibali kilichotolewa sekunde mbili zilizopita kimeisha saa mbili nyuma. Programu inakitupa. Inaomba kingine, kinakuja kikiwa na kasoro ileile, kinatupwa nacho. Baada ya kujaribu hivyo, programu hubaki na njia mbili. Ikiamua kwamba hujaingia, inakurudisha kwenye ukurasa wa nenosiri. Ikiamua kwamba seva haipatikani, inajifungia katika hali ya nje ya mtandao na kukuachia nyimbo zilizopakuliwa peke yake. Ndizo dalili mbili ulizozieleza, na zote zina chanzo kimoja. Nenosiri lako halikuwahi kuwa na shida. Kama ulilibadilisha ukidhani limekosewa, hukupata faida wala hasara.

Si kila programu hufanya ukaguzi huu kwa namna hiyo. Baadhi ya watengenezaji huwa waangalifu zaidi: kila jibu la seva huja na tarehe na saa ya seva, na programu inaweza kuisoma, ikapima tofauti na saa ya simu, kisha ikaifidia. Nyingine hupokea maelezo ya aina ya "kibali hiki kina sekunde 3600 kuanzia sasa" na kuhesabu kutoka pale, na hapo kosa la saa tatu halina athari. Kwa hiyo usishangae ukiona programu moja ya muziki inacheza vizuri kwenye simu yako na nyingine inagoma. Hiyo si dalili kwamba saa iko sawa. Ni dalili kwamba mmoja alitarajia saa mbovu na mwingine hakuitarajia.

WhatsApp nayo inaingia hapo. Haikuombi nenosiri kila mara wala haitegemei vibali vya saa moja kwa namna hii. Simu yako ilishasajiliwa mara moja na funguo zake zimehifadhiwa. Huanza kulalamika tarehe ikipotoka sana. M-PESA kwa *334# haihusiki kabisa, kwa sababu haipiti kwenye intaneti. Watu wengi hutumia huduma hizo mbili kupima kama "mtandao uko", na ni kweli zinapima mtandao, lakini hazipimi saa.

Hebu tuhakikishe kabla hujagusa kitu. Fungua kivinjari cha simu uende kwenye time.is. Ukurasa huo hulinganisha hesabu ya ndani ya simu yako na wakati halisi, na haudanganywi na sura ya skrini. Kama nilivyoeleza ndivyo ilivyo, utakuambia saa yako imetangulia kwa saa tatu. Ukiambiwa saa yako ni sahihi kabisa, basi acha kusoma sehemu inayofuata na uruke hadi pale ninapozungumzia visa visivyo vya saa.

Kuna kipimo kingine ambacho nakipenda zaidi kwa kuwa unaweza kukifanya bila kwenda popote. Mwombe mtu akutumie barua pepe kwenye Gmail sasa hivi, kisha tazama saa iliyoandikwa kwenye barua hiyo. Seva ndiyo inayoigonga muhuri wa wakati, tena kwa UTC, na simu yako inautafsiri kwa saa za London. Barua iliyofika 20:15 itaandikwa 17:15, wakati saa iliyo juu ya skrini hiyohiyo inasoma 20:15. Ukiona tofauti hiyo hakuna haja ya ushahidi mwingine: saa imesogezwa kwa mkono, na eneo bado ni la kigeni. Mtu aliye na simu nzima hawezi kuiona tofauti hiyo.

Kwa wale wenye kompyuta yenye `adb`, zana ya kuipa simu ya Android amri kutoka kwenye kompyuta, jibu hupatikana kwa mistari michache:

```
adb shell getprop persist.sys.timezone
adb shell settings get global auto_time
adb shell settings get global auto_time_zone
adb shell date -u
```

Mstari wa kwanza utakuonyesha `Europe/London` badala ya `Africa/Nairobi`. Wa pili na wa tatu utatoa 0 pale ambapo swichi ya kujirekebisha imezimwa, na 1 pale ilipowashwa. Wa mwisho ndio unaoonyesha UTC inayoaminiwa na simu. Fundi wako anaweza kufanya hivi kwa dakika moja kabla ya kushauri mtu afute kitu.

Sasa marekebisho. Kwenye simu nyingi za Android utapita `Settings`, kisha `System`, kisha `Date & time`. Kwenye Samsung ni `Settings`, `General management`, `Date and time`. Kwenye iPhone ni `Settings`, `General`, `Date & Time`. Kwenye Android nyingi utakuta swichi mbili: moja ni ya saa kujiweka yenyewe, nyingine ni ya saa za eneo kujiweka zenyewe. Iwapo simu ilizimiwa swichi hizo na mwenye nayo wa kwanza au na muuzaji, ingebaki London hata ukiweka laini ya hapa.

Washa kwanza ile ya saa za eneo, au kama haipatikani chagua Nairobi kwa mkono, ile iliyoandikwa `GMT+03:00`. Hapo usishtuke: saa ya skrini itaruka kutoka 20:20 hadi 23:20. Simu inachukua ile UTC yake potofu ya 20:20 na kuiongezea saa tatu za Nairobi, kwa hiyo kwa mara ya kwanza unaliona kosa kwa macho yako. Watu wengi wakifika hapa hudhani wameharibu, hurudisha London upesi, na kuishi na shida hiyo kwa miezi. Wewe endelea. Washa swichi ya pili, ya saa kujiweka yenyewe, simu ikiwa na data au Wi-Fi. Ndani ya muda mfupi itarudi 20:20, na safari hii itakuwa 20:20 ya kweli, ndani na nje.

Kisha izime simu na kuiwasha. Programu ambayo ilikuwa wazi wakati saa inabadilika inaweza kuendelea kushikilia kibali ilichokikataa zamani, na kuwasha upya huondoa mabaki hayo. Fungua programu ya muziki, ingia mara moja, iache wazi kidogo ukiwa kwenye Wi-Fi ili izungumze na seva yake. Ikikubali, kazi imekwisha, na nyimbo zako bado zipo.

Ikiwa swichi ya kujiweka imewashwa na saa haibadiliki, mara nyingi laini yako haileti taarifa ya wakati na simu haina intaneti ya kuitafuta kwingine. Tafuta Wi-Fi ujaribu tena. Ukilazimika kuweka kwa mkono, fuata mpangilio uleule: mji kwanza, saa baadaye. Kwa saa sahihi tazama ujumbe wa M-PESA uliokuja sasa hivi. Ndani ya maandishi yake kuna tarehe na saa, mathalani `15/1/26 at 8:22 PM`, na hiyo huandikwa na mfumo wa Safaricom, haitokani na simu yako. Ukikosea kwa dakika moja hakuna neno. Ukikosea AM na PM umejitia kwenye tatizo jipya la saa kumi na mbili, kwa hiyo mtu asiyezoea saa za kizungu kwenye simu ni afadhali awashe kwanza mtindo wa saa 24 kabla ya kuanza kuandika.

Kwenye iPhone swichi ni moja, `Set Automatically`. Iwapo imefifia na haishikiki, tazama kama simu imewekewa vizuizi vya `Screen Time`, au kama ilikuwa ya kampuni na bado inasimamiwa na waliokuwa nayo. Hilo la pili ni kubwa kuliko muziki. Simu inayosimamiwa na kampuni ya huko nje inaweza kufungwa siku yoyote, na ukiligundua mrudie muuzaji mapema.

Niseme pia kwa nini ukiacha mambo yalivyo, kosa lako litabadilika lenyewe. Uingereza husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi, na mwaka 2026 hiyo ni tarehe 29. Simu yako ikiwa bado inajiona iko London, itaruka saa moja mbele usiku huo bila kukuuliza. Asubuhi utaiona imetangulia, utairudisha nyuma kwa mkono, na kwa ndani utakuwa umetangulia saa mbili badala ya tatu. Oktoba itakuja na mzunguko mwingine, kuanzia Jumapili ya mwisho. Nina hakika wako watu hapa mjini wanaosema simu zao "zina ugonjwa wa saa" mara mbili kwa mwaka, na betri imeshabadilishwa bure.

Kuhusu ushauri wa fundi, siulaumu moja kwa moja, maana kufuta na kuweka upya hutibu mambo mengi. Hapa hautibu kitu, na una gharama. Wimbo wa dakika nne kwa ubora wa kilobiti 160 kwa sekunde ni karibu megabaiti 4.8. Ukiwa na nyimbo 300 hizo ni takribani gigabaiti 1.44, ambazo utazipakua tena kwa bando lako. Ukipandisha ubora hadi 320, zidisha mara mbili. Kama kuna kitu cha kufuta, futa `Clear cache` peke yake. Ile `Clear storage` au `Clear data` iliyo jirani yake huondoa na vilivyopakuliwa.

Huenda ukajiuliza, kama nyimbo zimeshapakuliwa, saa inazihusu nini? Inazihusu sana, na hapa ndipo watu huumia zaidi. Nyimbo zilizopakuliwa si mali ya simu kama faili uliyonakili kutoka kwa rafiki. Zimefungwa, na ufunguo wake una muda. Spotify hukutaka uunganishe simu na intaneti angalau mara moja kila siku 30, na YouTube Music vivyo hivyo, ili ihakikishwe kwamba bado unalipia. Kosa lako la saa tatu ni dogo mno kuligusa hilo. Lakini mtoto akichukua simu na kusogeza tarehe miezi miwili mbele ili mchezo wake umpe maisha mapya, programu ya muziki inaweza kuona kwamba siku 30 zimepita bila kuonana na seva, na kuzifunga nyimbo zote. Akirudisha tarehe, zinaweza zisirudi hadi programu izungumze na seva tena, na nyingine hudai zipakuliwe upya. Wapo pia wanaorudisha tarehe nyuma makusudi ili siku 30 zisifike. Programu zenye ulinzi mzuri hukumbuka wakati wa mwisho zilioushuhudia. Zikiona leo ni kabla ya jana, hazikubali. Nashauri msijaribu, hasa kama mnasafiri kwenda mahali ambapo hakuna mtandao wa kurekebisha madhara.

Sasa makosa makubwa ya tarehe, ya siku au miezi, yana dalili nyingine kabisa, na inafaa uzijue ili usichanganye. Kabla ya nenosiri lako kutumwa popote, seva huionyesha simu cheti cha kuthibitisha kwamba ni yenyewe. Cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Vya shirika la Let's Encrypt, vinavyotumika sana, vimekuwa vikidumu siku 90. Simu ikidhani ni mwaka 2019 huona cheti ambacho hakijaanza. Ikidhani ni 2030 huona kilichoisha. Kwa vyovyote inakata mazungumzo, hata nenosiri haliulizwi. Kwenye Chrome utaona `NET::ERR_CERT_DATE_INVALID` na maneno kwamba saa yako iko nyuma au mbele. Kwenye programu ya muziki, ambayo haina ukurasa wa kueleza hayo, utaambiwa tu kwamba hakuna intaneti. Hili huwapata hasa wenye simu iliyokaa kabatini hadi betri ikaisha kabisa, ikaamka ikiwa na tarehe ya zamani.

Kwa hiyo unaweza kukadiria ukubwa wa kosa kwa namna lilivyo. Nenosiri likikubaliwa kisha ukarudishwa, kama wewe, mara nyingi ni saa chache, na mara nyingi sana ni mji uliokosewa. Kama kila kitu kinachohitaji intaneti kinagoma kwa pamoja, na kivinjari kinalalamikia cheti, tafuta tarehe au mwaka uliokosewa. Na kama una programu ya kutengeneza namba za usalama, zile za tarakimu sita zinazobadilika kila sekunde 30, na namba zake zinakataliwa, hiyo nayo inasoma saa ileile ya ndani; kosa la dakika chache tu linatosha kuiharibu.

Kuna kisa kimoja kinachofanana na hiki ilhali si cha saa, nami nakitaja kwa sababu simu za zamani zinauzwa sana mjini. Simu ya Android iliyo chini ya toleo la 7.1.1 haina cheti mama kipya ambacho Let's Encrypt inakitegemea. Saa yake inaweza kuwa sahihi kwa sekunde, na bado tovuti na programu kadhaa zikakataa kuunganishwa zikitaja cheti. Hapo kuchezea tarehe hakusaidii. Toleo la simu yako utaliona kwenye `About phone`.

Pia Wi-Fi ya mkahawa au ya stesheni inayotaka ukubali masharti kwanza inaweza kukuweka nje ya mtandao ilhali alama ya Wi-Fi imewaka. Jaribu kwa data yako. VPN haibadilishi saa ya simu, lakini inaweza kuifanya seva ikuone uko nchi nyingine, kwa hiyo izime unapopima.

Ukishaweka Nairobi, ukawasha swichi zote mbili, time.is ikasema saa ni sahihi, na bado unarudishwa pa kuingilia, niandikie tena ukinitajia toleo la Android na maneno kamili yanayotokea kwenye skrini, herufi kwa herufi. Hapo tutakuwa tunatafuta kitu kingine.